Haidroksizini kwa muwasho na wahka: jinsi ya kuianza, na kwa nini mfamasia akuuliza habari za moyo

Kaunta ya duka la dawa hapa Mombasa ina maswali yake ya kudumu, na dawa hii ina matatu. La kwanza: "Mimi nina wasiwasi, daktari kaniandikia dawa ya mzio. Hajakosea?" La pili: "Mbona yanilaza mpaka mchana?" La tatu huja na hasira kidogo: "Mie nawashwa ngozi, habari za moyo wazitakia nini?" Nimeyajibu kwa mdomo hadi nimechoka, basi leo nayaandika mara moja, kwa mpangilio wa kufuata.

Hajakosea. Haidroksizini huzuia histamini. Kwenye ngozi histamini ndiyo iletayo muwasho. Kwenye ubongo ni moja ya vitu vinavyokuweka macho. Dawa hii, ambayo imekuwapo tangu miaka ya 1950, hupenya hadi kwenye ubongo bila shida, ndiyo maana kidonge kimoja hutuliza kujikuna, hulegeza wahka na kuleta usingizi kwa pamoja. Usingizi utaujua mwenyewe ndani ya nusu saa. Lakini dawa hii pia hugusa moyo, na huko hutasikia kitu mpaka mambo yaharibike. Mwongozo huu umelemea upande huo kwa makusudi.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Karatasi ya daktari yenye jina lako. Si ya dada yako, si ya jirani. Kwenye boksi jina huandikwa Hydroxyzine na pembeni yake nguvu ya kidonge, mara nyingi 10 mg au 25 mg. Isome namba hiyo mwenyewe, maana aliyekusifia dawa huenda alikuwa akimeza ya 10.
- Mfuko mmoja wenye kila dawa unayotumia sasa na uliyomaliza wiki hizi mbili: za presha, za malaria, antibaiotiki, za fangasi, za kuzuia kutapika, za usingizi, sharubati ya kikohozi, na methadoni kama unanywa. Leta maboksi yenyewe. "Kile kidonge cheupe cha mviringo" hakimsaidii mtu.
- Majibu ya maswali ya hatua ya pili. Mengine huyajui wewe, wayajua mama au shangazi, kwa hiyo piga simu kwanza.
- Usiku mmoja ambao asubuhi yake hushiki usukani.

Mjamzito, anayejaribu kupata mimba na anayenyonyesha wamwambie daktari kabla ya karatasi kuandikwa. Vilevile mwenye kifafa, mwenye presha ya macho, mwenye maradhi ya figo au ini, na mzee anayesumbuliwa na tezi dume na mkojo wa kudondoka.

Hatua

1. Hakikisha tatizo lako ni la dawa hii.

Kama nyumba nzima yajikuna usiku na vipele vimejipanga katikati ya vidole, kwenye viganja na kiunoni, huo ni upele wa kuambukizana. Haidroksizini itawalaza tu huku wadudu wakiendelea na kazi. Hapo dawa ni ya kupaka, wote siku moja, na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto. Harara ya joto nayo, ile inayotujaa shingoni na mgongoni kuanzia Januari hadi Machi, yataka hewa, maji na nguo nyepesi.

Panapofaa ni kwenye mabaka ya mzio yanayovimba, yakatoweka, yakazuka mahali pengine, au ukurutu unaokuamsha usiku mpaka shuka laingia damu. Kama wawashwa mwili mzima bila kipele hata kimoja, na macho yamepiga umanjano au mkojo umekuwa mweusi kama chai, usinunue dawa ya muwasho. Nenda kapime ini na figo.

Kwa wahka, haidroksizini ni daraja la muda mfupi: kwa wiki chache wakati tiba nyingine inapangwa. Haijengi mazoea kama zile dawa za jamii ya daizepamu, na kwa hilo madaktari wengi huipenda. Ila mtu ambaye moyo humwenda mbio kila jioni baada ya kutafuna muguka asitarajie makubwa. Kidonge kimoja kuwekwa dhidi ya kilemba kizima cha majani ni mashindano ambayo nayajua mshindi wake.

2. Jibu maswali ya moyo, bila kujificha.

Umewahi kuzimia ghafla, hasa ukiwa wakimbia, waogelea au umeshtuliwa na kelele? Kuna ndugu wa damu aliyekufa ghafla akiwa bado kijana, au aliyezama baharini ilhali kuogelea akijua? Swali hili la mwisho huwashangaza watu, lakini kuna familia zenye kasoro ya kurithi kwenye umeme wa moyo, na moja ya alama zake ni mtu mzima wa afya kupotelea majini. Je, una maradhi yoyote ya moyo: moyo kupanuka, kushindwa kusukuma damu, mapigo yasiyo na mpangilio? Umeharisha au kutapika siku hizi?

Kisha hesabu mapigo. Kaa umetulia kwa dakika tano, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba, uhesabu kwa dakika nzima. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne, kwani pigo lililorukwa utalikosa. Yakiwa chini ya 50, au yanakwenda na kusita, liseme.

"Ndiyo" moja tu yatosha kukurudisha kwa daktari kabla ya kumeza. Kwa mwenye kasoro ile ya umeme inayojulikana dawa hii hairuhusiwi, si kwa kiasi kidogo wala kwa usiku mmoja. Presha nayo itaje, pamoja na jina la dawa yake. Sababu inakuja sasa hivi.

3. Mwaga mfuko wa dawa mezani.

Hapa ndipo kwenye uzito, basi nivumilie.

Kila baada ya pigo, chembe za moyo hutoa potasiamu nje ili zijiweke tayari kwa pigo linalofuata. Ni kama feri ya Likoni: lazima ishushe watu wote ndipo ipakie wengine. Haidroksizini huubana mlango mmoja wa kushushia. Kushusha kunachelewa kidogo, na kwa moyo mzima ulio peke yake na dawa hii, kuchelewa huko si neno. Lakini wakianza kupanda kabla wa kwanza hawajashuka, pigo jipya huingia juu ya lile ambalo halijamalizika, moyo hupoteza mpangilio, na damu haifiki kichwani. Mtu huanguka. Mara nyingine moyo hujirudisha wenyewe baada ya sekunde chache, mara nyingine haujirudishi.

Huo muda wa kupiga na kujiweka tayari upya hupimwa, nao huitwa QT. Kuchelewa kwake ndiko kunakotafutwa ukiulizwa mambo ya moyo.

Sasa tazama mezani. Kundi la kwanza ni dawa zinazobana mlango uleule. Nazo zimejaa majumbani: azithromaisini na eritromaisini, siprofloksasini na levofloksasini, flukonazoli ya fangasi, dawa ya malaria ya AL, kwinini, ondansetroni na domperidoni za kuzuia kutapika, amitriptilini, sitalopramu, haloperidoli. Anayekunywa methadoni kliniki amo humu pia, tena yeye ana hatari mbili: umeme wa moyo, na usingizi mzito unaopunguza pumzi. Yeye awaambie wauguzi wa kliniki ya methadoni kabla ya kumeza chochote, hata kama dawa imeandikwa na daktari wa ngozi.

Kundi la pili halibani mlango bali hupunguza potasiamu mwilini: dawa za presha za kukojoza kama haidroklorothiazidi, na furosemidi ambayo wengi mwaijua kwa jina la Lasix. Kuhara na kutapika hufanya kazi hiyohiyo bila kidonge. Potasiamu ikishuka, ule mlango hufanya kazi vibaya zaidi, na dawa ambayo juzi haikudhuru leo yadhuru.

Mfano mmoja niuchambue mpaka mwisho, maana sura yake hujirudia. Mama wa miaka 61, wa Likoni. Ana presha, ameandikiwa haidroklorothiazidi kila asubuhi. Ameharisha siku tatu. Zahanati moja imempa azithromaisini, na kwa kuwa alikuwa akitapika akaongezewa ondansetroni. Katikati ya hayo mwili umeanza kumwasha, hajalala. Binti yake anafika kaunta na karatasi ya zamani ya nduguye.

"Daktari, nipe ile ya kuwashwa, ya 25. Mamangu hajapata usingizi tangu juzi."

"Pole, dadangu. Mama anakunywa dawa gani nyingine?"

"Ya presha tu."

"Na ya tumbo?"

"Aa, hiyo ni ya tumbo. Haihusiani."

Yahusiana. Mhesabu: azithromaisini yabana mlango, ondansetroni yabana mlango, dawa ya presha yatoa potasiamu, kuhara kwatoa potasiamu. Haidroksizini ingekuwa ya tano mlangoni. Naye ni mwanamke, tena amepita 60, na wote wawili, wanawake na wazee, huwa karibu zaidi na ajali hii. Hakuna aliyekosea kwa peke yake. Kila dawa ilitoka mkono tofauti, na hakuna aliyeuona mfuko wote.

Afanyweje? Haidroksizini haianzwi. Anywe maji ya chumvichumvi ya kuhara, apimwe potasiamu ya damu. Kawaida ni kati ya 3.5 na 5.0. Aonwe huo muwasho wenyewe, kwa sababu mwili kuanza kuwasha siku ya pili ya antibaiotiki mpya huenda ni mzio wa antibaiotiki hiyo, na hapo kinachotakiwa ni daktari kuibadilisha. Kwa muwasho kuna siterizini, ambayo haina sifa hii ya kuchelewesha moyo, kwa kiasi kinachoendana na figo zake. Na binti asiseme "atamaliza azithromaisini Jumamosi, Jumapili tuanze." Azithromaisini hukaa mwilini siku kadhaa baada ya kidonge cha mwisho; kumaliza pakiti si kuimaliza dawa.

Kosa ninaloliona zaidi ya yote ni hilo la yule binti: kutaja dawa za ugonjwa mmoja na kuacha za ugonjwa mwingine. Moyo hautengi.

4. Pima pale penye shaka.

Kijana wa miaka 25, hana dawa nyingine, majibu yote ya hatua ya pili ni "hapana": kwa kawaida daktari hamtumi kupima chochote. Lakini aliyepita miaka 60, mwenye dawa moja ya kundi la kwanza isiyoweza kuachwa, au mwenye historia ya kuzimia, aombe ECG kwanza. Ni kipimo cha umeme wa moyo, cha dakika chache: walala kitandani, wabandikwa vibandiko kifuani, mikononi na miguuni, karatasi yatoka. Hakiumi.

Juu ya karatasi pameandikwa QTc, yaani ile QT iliyorekebishwa kulingana na kasi ya mapigo, na namba yake kwa milisekunde. Mwanamume huangaliwa kwa makini ikipita 450, mwanamke ikipita 460. Ikifika 500, haidroksizini haiingii mdomoni. Mashine hukosea kusoma, kwa hiyo asomewe na daktari. Karatasi itunze: ukipimwa tena baadaye, ya zamani ndiyo itakayoonyesha kama kuna kilichobadilika.

5. Kidonge cha kwanza kiwe cha usiku, ukiwa nyumbani.

Anza na kiasi cha chini alichokuandikia daktari, mara nyingi 10 au 25 mg, saa moja hivi kabla ya kulala. Usianze usiku wa harusi wala usiku wa zamu.

Sasa lile swali la "mbona yanilaza mpaka mchana". Kwa mtu mzima haidroksizini huchukua kama saa 20 kupungua hadi nusu. Ukimeza 25 mg saa tatu usiku, hiyo nusu utaifikia saa kumi na moja jioni ya kesho. Saa kumi na mbili asubuhi, wakati kondakta anaita abiria wa Mwembe Tayari nawe waona umelala vya kutosha, karibu robo tatu ya dawa bado imo. Na saa tatu usiku wa pili unaongeza kidonge kipya juu ya mabaki. Kwa siku za mwanzo, basi, dawa hujilimbikiza, kisha hutulia.

Kwa mzee ni polepole zaidi, kama saa 29. Nusu ya kidonge cha Jumatatu usiku bado imo baada ya kumeza cha Jumanne. Ndiyo sababu babu aliyeonekana mzima usiku wa kwanza anakuja kuyumba na kuchanganyikiwa siku ya nne, nanyi mkadhani ni uzee.

6. Jua kikomo, usikivuke.

Kwa mtu mzima ni 100 mg kwa saa 24, jumla ya vidonge vyote. Kwa mzee, kwanza inapendekezwa asiitumie kabisa. Ikilazimu, mwisho 50 mg. Mtoto wa hadi kilo 40 hupimwa kwa uzito: kisizidi 2 mg kwa kila kilo kwa siku. Mtoto wa kilo 15 mwisho wake ni 30 mg kwa siku nzima, na hicho ni kikomo, si kiasi cha kuanzia. Sharubati ipimwe kwa bomba lenye alama, si kijiko cha chai cha jikoni.

Ukitafuta mtandaoni utakutana na maandishi ya Marekani yanayotaja hadi 400 mg kwa siku kwa wahka. Hujasoma vibaya, yako hivyo. Lakini wadhibiti wa dawa wa Ulaya waliichunguza upya dawa hii, na mwaka 2015 wakashusha kikomo hadi hicho cha 100 kwa sababu ya moyo, kwani kadiri kiasi kinavyopanda ndivyo QT inavyorefuka. Mimi nafuata cha chini. Na kwa uzoefu wa kaunta, ambaye 50 mg haijamsaidia muwasho wake, mara nyingi ni wa kurudi hatua ya kwanza, si wa kuongezewa.

Umesahau kidonge? Kiache. Usimeze viwili kesho.

7. Asubuhi yake, usishike chombo.

Tuktuk, boda, lori la kontena, ngazi ya fundi, ngarawa: vyote visubiri mpaka ujue dawa inakufanyia nini, na ujue kwa asubuhi kadhaa, si moja. Kuna watu hawahisi usingizi lakini mikono imechelewa. Jipime kwa kazi ndogo. Ukihesabu chenji mara mbili ukapata namba mbili, hujawa tayari kwa barabara ya Makupa.

Pombe hapana. Piritoni juu yake hapana, hiyo ni jamii ileile, usingizi juu ya usingizi. Daizepamu, tramadoli, sharubati za kikohozi zenye kodini, hapana bila daktari kujua. Siterizini nayo usiichanganye: mwili wenyewe hugeuza sehemu ya haidroksizini kuwa siterizini, kwa hiyo wajiongezea kitu ulicho nacho.

Jambo moja la kwetu Pwani: dawa hii hukausha. Mdomo, macho, na pia jasho. Mpakuzi wa mizigo bandarini au muuza mchele Kongowea anayeshinda juani na jasho halitoki vizuri hupata joto la mwili kupanda. Kunywa maji kabla ya kiu, na ukiona ngozi i kavu, ya moto, na kichwa chagonga, ingia kivulini na mwite mtu.

8. Andika tarehe ya kutathmini kwenye boksi.

Baada ya wiki moja jiulize: najikuna kidogo zaidi? Nalala? Wahka umepungua? Kama jibu ni hapana kwa yote, rudi kwa daktari badala ya kununua karatasi nyingine ya vidonge. Kwa wahka, matumizi ya zaidi ya miezi minne hayajachunguzwa vya kutosha, hivyo mwenye mwezi wa tano na dawa hii anahitaji mazungumzo mapya. Kwa muwasho wa mchana wa muda mrefu kuna dawa zisizolaza, na sioni sababu ya mtu kushinda amesinzia.

Na kila ukiandikiwa dawa mpya popote, hata ya malaria ya siku tatu, sema: "Natumia haidroksizini." Hatua ya tatu haifanywi mara moja ikaisha.

Mambo yakienda kombo

*Saa nne asubuhi bado kichwa kizito.* Meza mapema zaidi, saa moja au mbili usiku, au muombe daktari akushushe hadi 10 mg. Ipe siku nne au tano. Ikiendelea, si dawa yako.

*Badala ya kulala, mtoto amechachamaa.* Hutokea kwa baadhi ya watoto, na kwa wazee pia. Kuongeza kiasi ndiko kosa. Acha, rudi kwa daktari.

*Mkojo hautoki, au macho yauma na kuona ukungu.* Acha dawa, nenda siku hiyohiyo. La mkojo lisingoje kesho.

*Homa na ngozi kuwa nyekundu yenye vijipele vingi vidogo vya usaha.* Huo ni mzio mkali wa dawa yenyewe, nadra lakini wajulikana. Acha, nenda hospitali, na usirudie dawa hii maishani.

*Kizunguzungu.* Hapa tofautisha. Kikija ukisimama haraka kutoka kitandani na kupungua ukikaa, mara nyingi ni ulegevu wa dawa. Simama polepole, kunywa maji, mwarifu daktari. Lakini kiza cha ghafla kisicho na sababu, moyo kupapatika kama samaki kisha kukaribia kuanguka, au kuanguka kwenyewe, si usingizi wa dawa. Watu hudhani ni kifafa au shetani, kwa sababu aliyeanguka hivyo huweza kutetemeka viungo kwa sekunde chache, kisha akaamka na kusema yu mzima. Asiachwe alale "apumzike". Apelekwe kitengo cha dharura cha hospitali yenye ECG, kama Hospitali Kuu ya Pwani, hata kama ameshasimama na anacheka, na mfuko wa dawa wote uende naye. Asimeze kidonge kingine njiani, wala cha kuzuia kutapika, mpaka ECG isomwe. Akianguka na hapumui, mkandamizeni kifua katikati, kwa nguvu na kwa haraka bila kusita, huku mwingine akipiga 999 au 112.

*Mtu amemeza vingi, kwa kukosea au kwa makusudi.* Msimtapishe, msimpe maziwa. Hospitali mara moja, hata akiwa macho na anazungumza, kwa sababu usingizi na degedege vyaweza kuja baadaye, na moyo huhitaji kuangaliwa kwa mashine kwa saa nyingi. Chukueni boksi, mhesabu vidonge vilivyobaki, na mwambieni daktari saa mnayodhani alimeza.